Sadaka kati ya kapu na benki: fedha zisikae mkononi mwa mtu mmoja

"Bwana asifiwe, Mzee, na shikamoo. Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wa kijijini, wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Baada ya ibada tunahesabu sadaka mimi na katibu, tunasaini daftari, kisha ninabaki na fedha nyumbani hadi nipate safari ya mjini kuzipeleka benki. Sasa wazee wamelinganisha daftari na taarifa ya benki ya miezi mitatu, wamekuta upungufu wa shilingi 214,000. Sijaiba, lakini sina cha kuonyesha. Nifanyeje, na kamati yetu ya fedha ijipange vipi ili jambo hili lisijirudie?"

Marahaba, ndugu yangu mhazini. Kabla ya mambo mengine yote, nakuomba usitoe fedha hizo mfukoni mwako ili kumaliza maneno, hata kama unazo na hata kama mzee unayemheshimu anakushauri hivyo. Ukishazirudisha kimyakimya, hakuna atakayehangaika tena kutafuta zilikokwenda, na waliokuwa na mashaka watasema umerudisha ulichochukua. Acha upungufu ubaki wazi kwenye karatasi, kisha keti na wazee wawili mpange Jumapili zote za miezi hiyo mitatu, moja baada ya nyingine, mkiandika kwa kila Jumapili kiasi kilichohesabiwa, tarehe ya kuweka benki na kiasi kilichowekwa. Kazi hiyo haichukui zaidi ya jioni moja, na mara nyingi safu hizo tatu huonyesha mambo ambayo jumla ya mwisho imeyaficha.

Nikueleze nilichokiona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na usharika mmoja wa mkoa huu, ambao sitautaja, ukiwa na tatizo linalofanana na lenu. Katika mwezi mmoja daftari lilionyesha Jumapili nne za shilingi 352,700, 390,400, 318,950 na 407,300. Benki ziliingia 352,700, kisha 340,000, kisha 300,000, kisha 380,000. Upungufu wa mwezi ulikuwa shilingi 96,650. Kabla sijauliza swali lolote, kitu kimoja kilinishtua: viwango vitatu vya mwisho vilivyowekwa benki vilikuwa vimekatwa sawasawa kwenye maelfu. Sadaka ya watu wa kijijini ina sarafu ndani yake, na ni nadra sana ikaishia kwenye elfu kamili, achilia mbali kufanya hivyo mara tatu mfululizo. Kiasi kilichokatwa hivyo kinakuambia kwamba kuna mtu alikaa na fedha hizo, akaamua kipi kiende benki na kipi kibaki.

Tulipotafuta stakabadhi zilipatikana za shilingi 62,000: dizeli ya jenereta 27,000, nauli ya mhubiri mgeni 20,000, na divai na mkate wa ushirika 15,000. Yalikuwa matumizi halali kabisa ya kanisa, isipokuwa yalilipwa kwa sadaka ambayo ilikuwa haijafika benki. Zilibaki shilingi 34,650. Huenda nazo zilinunua kitu cha kanisa bila stakabadhi, huenda zilipungua wakati sarafu zinabadilishwa dukani, huenda ziliibwa. Mhazini yule nilimjua kuwa mtu mwaminifu, na sikuweza kumsafisha, kwa sababu tangu daftari lilipofungwa Jumapili mchana hadi benki hapakuwa na jicho la pili lililoziona fedha hizo. Alilipa kwa fedha yake, akaacha kazi ya kanisa, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo naanzia pale pale mpango wenu unapokatika. Ninyi mna watu wawili mezani kwa saa moja, kisha mna mtu mmoja kwa siku tatu au nne. Kanuni ya watu wawili haihusu saini mbili kwenye daftari. Maana yake ni kwamba tangu kapu linapoondoka mbele ya waumini hadi stakabadhi ya benki inapotoka, hakuna mtu anayeweza kuzigusa fedha akiwa peke yake. Katibu aliyesaini daftari saa saba mchana hawezi kushuhudia kilichotokea Jumatano.

Na kanuni hiyo ianze kabla ya meza. Kiasi kilichochukuliwa kabla ya kuhesabiwa hakitaonekana kwenye karatasi yoyote, hata mngehesabu mara kumi, hivyo hatua chache kati ya madhabahu na ofisi ya usharika ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko zote. Makapu yamiminwe kwenye mfuko mmoja pale mbele, waumini wakiona, mfuko ufungwe, na wazee wawili waubebe pamoja moja kwa moja hadi ofisini. Ikiwa mnahesabu baada ya ibada kumalizika, mfuko usiachwe kwenye chumba ambacho kwaya inabadilishia mavazi, bali ufungiwe ndani ya sanduku nitakalolieleza hapa chini.

Wanaohesabu wasiwe mume na mke, mzazi na mtoto, wala mwajiri na kibarua wake. Najua kijijini kila mtu ni ndugu wa mwenzake kwa upande fulani, lakini angalau watoke kaya tofauti na jumuiya tofauti, na wapangwe kwa zamu ili wawili walewale wasirudiane kila wiki. Wewe mhazini usiwe mmoja wao. Kazi yako ni kuandika vitabu, na anayeandika vitabu akiwa ndiye anayehesabu, ana nafasi ya kuzifanya karatasi zikubaliane na chochote kilichobaki mkononi. Sisemi kwamba utafanya hivyo. Nasema kwamba siku ukituhumiwa utahitaji kuonyesha kwamba usingeweza.

Mezani, mlango ubaki wazi, pochi na mikoba ibaki nje, na meza iwe tupu isipokuwa fedha, kalamu na karatasi ya hesabu. Fedha zitenganishwe kwanza kwa aina zake: noti za 10,000, za 5,000, za 2,000, za 1,000, kisha sarafu za 500, 200, 100 na 50. Noti chakavu na zile za zamani zilizoondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025 ziwekwe pembeni na ziandikwe kwa idadi, kwa sababu bado kuna watu wanaozitoa sandukuni na kuzileta kanisani. Mhesabuji wa kwanza anahesabu fungu, anaandika idadi kwenye kipande chake cha karatasi na kukifunika. Wa pili anahesabu fungu lilelile bila kuambiwa mwenzake amepata ngapi. Ndipo vipande vinafunuliwa pamoja. Jambo hili la kutoambizana ndilo linaloifanya hesabu ya pili iwe hesabu kweli, kwani mtu aliyekwisha kusikia "themanini na tatu" atafika themanini na tatu hata kama noti ni themanini na mbili.

Chukua ile Jumapili ya 390,400. Ingehesabiwa kwa utaratibu huu, karatasi yake ingeweza kusomeka hivi: noti 9 za 10,000, noti 14 za 5,000, noti 46 za 2,000 na noti 83 za 1,000, ambazo kwa pamoja ni shilingi 335,000, kisha sarafu 61 za 500, 74 za 200, 92 za 100 na 18 za 50, ambazo ni shilingi 55,400. Tuseme kwenye fungu la elfu moja mmoja amepata 83 na mwingine 82. Wasikubaliane kwa kugawana tofauti wala kwa kumfuata aliye mkubwa kwa umri. Fungu lote linarudiwa, na kwa kawaida utakuta noti mbili zilizogandana kwa jasho la kiganja. Idadi zikikubaliana, karatasi inajazwa kwa kalamu ya wino, nakala tatu, wote wawili wanasaini hapo hapo. Nakala moja inakwenda pamoja na fedha, ya pili kwa mhazini, ya tatu kwa mzee mmoja ambaye hakuwa mezani. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja, tarakimu sahihi iandikwe juu yake, na wote wawili waweke saini ndogo pembeni. Karatasi iliyofutwafutwa haimsaidii mtu.

Bahasha za ahadi ziwe na namba, na aliyeifungua aandike juu yake kiasi alichokikuta mbele ya mwenzake. Kila baada ya miezi mitatu kila mwenye namba apewe karatasi inayoonyesha alichotoa. Muumini anayejua alitoa 20,000 na karatasi inasema 10,000 ni mkaguzi ambaye hakuna njama ya mezani inayoweza kumzuia.

Kisha fedha zote, zikiwa na nakala yake, ziingie kwenye mfuko mmoja unaofungwa. Miji mikubwa kuna mifuko ya plastiki yenye namba ambayo haifunguki bila kuchanika. Kijijini bahasha nene ya kaki inatosha: noti ndani, gundi, saini za wahesabuji wawili zikipita juu ya mdomo wa bahasha, na selotepu pana juu ya saini hizo. Mtu akiifungua, saini zitaachana na hazitarudi kukaa sawa. Sarafu zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa wenye kikaratasi cha jumla, nao upewe saini vilevile. Vyote viingie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili tofauti, funguo zikikaa kwa watu wawili wa nyumba tofauti. Sanduku lenyewe laweza kukaa nyumbani kwa mchungaji au mahali penye ulinzi, mradi anayelala nalo hana hata ufunguo mmoja.

Sasa benki. Fedha zifike siku inayofuata siku ya kuhesabu, yaani Jumatatu, na zifike zote, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa, hadi ile hamsini ya mwisho. Hapa ndipo nisipolegeza hata kidogo, kwa sababu sadaka ikianza kukatwa njiani kwa ajili ya dizeli au nauli, taarifa ya benki haiwezi tena kulinganishwa na karatasi ya hesabu, na mwizi anapata mahali pa kujificha nyuma ya matumizi halali. Kwa mahitaji madogo tengeni fungu la kiasi maalumu, tuseme shilingi 60,000, lililotolewa benki kwa saini mbili. Wakati wowote mtu akilikagua, fedha iliyobaki ukijumlisha na stakabadhi lazima vifike 60,000. Likikaribia kwisha, stakabadhi zinawasilishwa kwenye kamati na fungu linajazwa tena kutoka benki.

Kuchelewa nako kuna hatari yake ya pekee, na napenda uielewe vizuri kwa sababu humnasa hata mtu asiye mwizi. Mtu anakaa na sadaka nyumbani, mtoto anaugua usiku, anachukua 40,000 kwa nia ya kurudisha. Jumapili inayofuata anachota 40,000 kwenye sadaka mpya, anakamilisha ile ya zamani na kuipeleka benki, nzima, ikiwa imechelewa tu. Sasa ya pili ina upungufu, nayo inangoja ya tatu. Kila kiasi kilichoko benki kinakubaliana na daftari, kwa hiyo anayetazama jumla haoni kitu. Dalili iko kwenye tarehe: siku mbili, kisha nane, kisha kumi na moja. Ukiona siku kati ya kuhesabu na kuweka benki zinarefuka hivyo, usisubiri mwisho wa mwaka kuuliza. Fedha zikienda Jumatatu kila wiki, mchezo huo hauna pa kuanzia.

Najua Urambo mjini si karibu na kila kijiji, na nauli ya bodaboda ya watu wawili kila wiki ni mzigo. Basi tumieni wakala wa benki aliye karibu, kwa masharti. Waende wawili, angalau mmoja wao akiwa amehesabu. Bahasha ifunguliwe mbele ya wakala, baada ya wote wawili kuangalia kwamba saini za mdomoni ziko sawa. Wasome jina la akaunti kabla ya wakala kubonyeza, na wasiondoke bila stakabadhi ya mashine. Wakala akisema, "Salio limeniishia, niachieni nitawawekea jioni," wachukue fedha zao waondoke, hata akiwa mzee wa kanisa. Ujumbe wa benki wa kila muamala upangwe kufika kwenye simu ya mwenyekiti, si ya mhazini wala ya wanaopeleka. Hivyo Jumatatu mchana mtu asiyezigusa fedha anajua kama zimefika. Sadaka zinazotumwa kwa simu nazo ziingie kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe si kwa namba binafsi ya mtu.

Sarafu zitawasumbua, kwa sababu mawakala wengi hawazipendi na wenye maduka wanazitaka kwa ajili ya chenji. Kubadilisha si kosa, lakini kufanyike mbele ya wawili walewale, na kuandikwe chini ya karatasi ya hesabu: sarafu za 55,400 zimebadilishwa kwa noti tano za 10,000, noti moja ya 5,000 na sarafu mbili za 200. Nasisitiza hili kwa sababu ya kazi ya mtu wa tatu. Fedha zinapowekwa kwenye tawi, karatasi ya kuwekea huonyesha idadi ya noti za kila aina. Mtu wa tatu, ambaye hakuhesabu wala hakupeleka, aweke karatasi hiyo kando ya karatasi ya hesabu na alinganishe aina kwa aina. Kama mezani palikuwa na noti 83 za 1,000 na benki zimeingia noti nyingi za 10,000 bila maelezo yoyote ya kubadilisha, jumla yaweza kuwa sahihi lakini fedha zilizofika si zile zilizotoka mezani, na kuna mtu alizitumia katikati kisha akazirejesha. Kwa wakala stakabadhi huonyesha jumla tu, na huo ni upungufu wa njia hiyo, ndiyo maana napendelea tawi kila inapowezekana, hasa Jumapili za sadaka kubwa kama ile ya mavuno au zile za msimu ambao wakulima wa tumbaku wamelipwa.

Na nikitaja mavuno, siwezi kuuacha mnada. Baada ya ibada debe la mahindi linanadiwa, kuku wananadiwa, mama mmoja ananunua mayai kwa bei ya mara tatu kwa ajili ya Bwana, na nusu ya wanunuzi wanasema watalipa wiki ijayo. Fedha hizo hulipwa baadaye njiani, sokoni, kwa mzee yeyote aliyekutana na mwenye deni, na nyingi hupotea bila nia mbaya. Aandikwe kila aliyenunua, kitu alichonunua, bei, na kama amelipa taslimu au anadaiwa, mnada ukiendelea, na mwandishi asiwe mnadishaji. Taslimu iingie kwenye hesabu ya siku hiyo. Deni lipokelewe Jumapili tu, mezani, mbele ya wahesabuji, na mwenye deni aone jina lake likikatwa. Katika upungufu wenu wa 214,000 ningeanza kuchunguza hapa, kisha kwenye matumizi yaliyolipwa kabla ya benki.

Utaratibu huu una mwisho wa uwezo wake. Wahesabuji wawili wakila njama, karatasi zote zitakubaliana. Zamu hupunguza nafasi hiyo, bahasha zenye namba huifichua kwa sehemu, na baada ya miezi sita hivi mnaweza kutazama kama sadaka inashuka kila mara jozi fulani inapokuwa zamu. Jumapili moja ya chini haimaanishi kitu. Mvua kubwa au wiki ya palizi inatosha kuishusha. Vilevile utaratibu wote unabomoka kama mwenyekiti anasaini fomu tupu za kutolea fedha benki kwa sababu anakwenda shambani. Wekeni watia saini watatu, wawili wowote watoshe, na fomu isiyojazwa isisainiwe na yeyote.

Kabla ya Jumapili ijayo, basi, mwombe mwenyekiti aite wazee. Wakabidhi daftari, stakabadhi ulizo nazo na fedha yoyote iliyoko nyumbani kwako, ihesabiwe mbele yao kwa utaratibu niliouandika, na makabidhiano yasainiwe na wote, nakala moja ubaki nayo wewe. Jumapili yenyewe wengine wawili wahesabu. Na inayofuata, mwenyekiti asome mbele ya waumini viwango viwili pamoja, kilichohesabiwa wiki iliyopita na kilichoingia benki Jumatatu. Kisisomwe siku ileile ya kuhesabu, maana hapo mtakuwa mnawatangazia wezi wa usiku kilichomo sandukuni.